Kuingia Kwenye Raspberry Pi kwa Simu Kupitia Hotspoti

Raspberry Pi Zero 2 W ikishapata umeme, simu ya Android yenye hotspoti inatosha kuiendesha bila skrini wala kibodi. Simu hufanya kazi mbili kwa pamoja: ni ruta inayogawa anwani, na ni dirisha la kuandikia amri. Mawasiliano ya SSH huishia kati ya vifaa hivyo viwili, kwa hivyo hayali bando. Bando huliwa pale bodi yenyewe inapoingia intaneti, mathalani kupakua programu.

Matayarisho hufanyika kwenye kompyuta, wakati kadi ya memori inapoandikwa kwa Raspberry Pi Imager. Hapo hujazwa jina la mtumiaji na nenosiri, jina na nenosiri la hotspoti, na nchi. Kisha SSH huwashwa. Tangu Aprili 2022 mfumo hauji tena na mtumiaji wa kawaida aitwaye `pi`, hivyo anayeruka hatua hii hana akaunti ya kuingilia.

Kikwazo kinachosumbua zaidi ni masafa. Bodi hii husikia gigahezi 2.4 peke yake, ilhali simu nyingi mpya zinaweza kurusha hotspoti kwa gigahezi 5. Ikiwa hivyo, taa ya bodi itawaka vizuri, lakini orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu itabaki tupu. Dawa ni kubadili masafa katika mipangilio ya hotspoti. Orodha ikiendelea kuwa tupu, jina na nenosiri vikaguliwe herufi kwa herufi, kubwa na ndogo.

Bodi ikishaonekana, hutafutwa anwani yake. Simu za zamani za Android zilijipa 192.168.43.1 kila mara. Mpya hubadilisha, na jina `raspberrypi.local` mara nyingi halifanyi kazi kutoka kwenye simu yenyewe. Katika Termux, amri ya `ifconfig` huonyesha anwani ya simu kwenye hotspoti. Ikiwa ni 192.168.43.1, mtandao wote hupekuliwa hivi:

```
pkg install openssh nmap
nmap -p 22 --open 192.168.43.0/24
```

Tuseme jibu ni 192.168.43.57 na mtumiaji ni asha:

```
ssh asha@192.168.43.57
```

Mara ya kwanza huandikwa `yes` kuikubali bodi, kisha nenosiri, ambalo halionekani likiandikwa. Mlango ukikataa, ujumbe husema tatizo liko wapi. `Connection refused` maana yake kifaa kimepatikana ila SSH haijawashwa, au bodi bado inaamka. `No route to host` huonyesha anwani si sahihi au bodi imetoka hewani. `Permission denied` ni kosa la jina au nenosiri.

Kadi ikiandikwa upya, SSH hulalamika kwamba utambulisho wa bodi umebadilika. Kumbukumbu ya zamani hufutwa kwa:

```
ssh-keygen -R 192.168.43.57
```

Android huweza kuizima Termux ikiwa nyuma ya programu nyingine, na kazi iliyokuwa ikiendelea hukatika. Kazi ndefu huanzishwa ndani ya `tmux` iliyosakinishwa kwenye bodi. Mtumiaji akiingia tena kwa SSH, huandika `tmux attach` na kuikuta ikiendelea.