Watazamaji Tisa Hawatoshi

Takwimu za YouTube hugawa watazamaji kwa jinsia na rika, kuanzia 13–17 hadi 65 na zaidi. Tuseme video ya dakika 10 imetazamwa mara 900 na wanawake wa 25–34, kwa wastani wa dakika 4.5. Wanaume wa 55–64 wameitazama mara 9 tu, wastani dakika 6. Wazee wamependa zaidi? Ngoja kwanza. Ondoa watatu walioimaliza yote: wastani wa wazee unaporomoka hadi dakika 4. Ukiondoa watatu kama hao kwa wanawake, inapungua sekunde moja hivi. Kundi dogo liunganishwe na rika jirani, au zijumlishwe video kadhaa. Tofauti isiyojirudia isibadilishe kipindi.