Akaunti ya Google iliyolala miaka miwili

Simu nyingi za Android hapa kwetu huanzia maisha dukani. Muuzaji anaiwasha, simu inadai akaunti ya Google, na kwa kuwa mteja ana haraka anafunguliwa mpya papo hapo, kwa nenosiri ambalo pengine muuzaji peke yake ndiye anayelikumbuka. Simu ikiibwa au ikifa, inanunuliwa nyingine na akaunti nyingine inafunguliwa. Ile ya kwanza inaachwa na picha za harusi, namba za watu na vyeti vilivyopigwa picha.

Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na barua, picha na mafaili yake yote. Ufutaji ungeanza Desemba mwaka huo. Sababu waliyoitoa ni usalama: akaunti iliyotelekezwa mara nyingi ina nenosiri la zamani na haina uthibitisho wa hatua mbili, hivyo ni rahisi kuibwa. Akaunti za kazini na za shule hazimo katika utaratibu huu. Kabla ya kufuta, Google hutuma maonyo kwenye akaunti yenyewe na kwenye barua pepe ya akiba, kama ipo. Akaunti ya dukani kwa kawaida haina ya akiba, kwa hiyo onyo linaishia katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Tuseme mama mmoja simu yake ilivunjika kioo mwaka 2022, na leo anatafuta picha za marehemu mama yake zilizokuwa humo. Kabla ya kuhangaika na nenosiri, ajue kwanza kama akaunti bado ipo. Amwombe mwanawe atume barua pepe kwenye anwani ile ya zamani. Ikirudi na namba 550 5.1.1, anwani haipo. Ikirudi na 5.2.1, anwani ipo ila imezimwa au haipokei barua. Isiporudi kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba akaunti iko hai na kilichopotea ni ufunguo tu. Asijipime kwa kujaribu kufungua akaunti mpya yenye jina lile lile. Atakataliwa kwa vyovyote, kwa sababu anwani ya Gmail iliyowahi kutumika haitolewi tena hata baada ya kufutwa, na huko kukataliwa kumewapa watu wengi matumaini ya bure.

Mlango wa kurejea ni mmoja, g.co/recover, na nyuma yake hakuna karani wa kubembelezwa. Mtambo unapima kama anayebisha anafanana na mwenye nyumba. Ndiyo maana ile simu iliyovunjika ni mali: kubadilisha kioo na kuanza urejeshaji kutoka simu hiyo hiyo, mahali pale pale alipozoea kuitumia, kunasaidia kuliko kujaribu mara kumi kwenye kompyuta ya mtu. Akiulizwa nenosiri la mwisho analolikumbuka, aandike hata analolikisia, asiliruke swali. Kuhusu namba ya simu awe mwangalifu, kwani laini isiyotumika hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, na hapo kodi ya uthibitisho itamfikia mgeni. Atakayemwambia amlipe ili amrudishie akaunti ni tapeli, kwa maana Google haishirikiani na mtu wala ofisi yoyote inayodai kufanya kazi hiyo.

Je, ikiwa imeshafutwa? Mlango ni ule ule. Akaunti iliyofutwa karibuni huenda ikarudi, lakini Google haitoi ahadi, na muda ukipita hairudi kabisa. Hapo mama huyu atafute nakala: kadi ya kumbukumbu, hifadhi ya ndani ya ile simu, na simu za ndugu aliowahi kuwatumia picha hizo kwa WhatsApp. Mara nyingi picha zilizokosekana Google zimekutwa kwa shangazi.

Kwa ambaye akaunti yake bado ipo, kuilinda ni kazi ndogo. Kusoma barua, kutafuta kitu au kutazama video ya YouTube ukiwa umeingia kwa akaunti hiyo kunahesabika kuwa ni kuitumia. Ila hesabu ni ya akaunti, si ya simu: ukiwa na akaunti mbili kwenye simu moja, ile ya pili haiokolewi na ya kwanza. Tena Google Photos ina hesabu yake ya miaka 2, hivyo mtu anayesoma barua kila siku bila kufungua picha zake bado anaweza kuzipoteza. Leo hii ingia kwenye ile akaunti ya zamani, fungua Google Photos, kisha weka barua pepe ya akiba na namba unayoitumia sasa.