Bastola ya Gesi na Baridi Yake

Ndani ya mpini wa bastola ya gesi hukaa kichupa cha chuma chenye gramu 12 za kaboni dayoksaidi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo imegandamizwa hadi kuwa kimiminika, na juu yake pamejaa mvuke. Ukifyatua, nyundo hugonga vali, vali hufunguka kwa kitambo kidogo mno, na mvuke husukuma kidonge cha risasi mtutuni. Kimiminika huchemka upesi kuziba pengo.

Hapo ndipo joto linapoingia. Mgandamizo wa mvuke huo hautegemei kiasi kilichobaki, mradi kimiminika bado kipo. Hutegemea joto lake. Kwenye nyuzi 20 za selisiasi ni takriban mara 57 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Kwenye sifuri hushuka hadi kama 35, na kidonge hutoka kinyonge.

Lakini hata siku ya joto bastola hujipoza yenyewe. Kuchemka hula joto, kama mtungi wa gesi ya kupikia unavyopata ubaridi jiko likiwaka kwa nguvu. Piga risasi kumi mfululizo: mpini utapoa mkononi, na matundu ya mwisho kwenye shabaha yataelekea kushuka. Subiri dakika chache, kasi itarudi. Isiporudi, kimiminika kimekwisha.

Usiiache garini juani. Mgandamizo ukizidi, nyundo inaweza kushindwa kufungua vali.