Kwa Nini Ada ya Gesi Hupanda Mtandao Unapojaa

Anayetuma pesa kwa simu amezoea jambo moja: ada hutegemea kiasi anachotuma. Saa mbili asubuhi au usiku wa mkesha wa Idi, makato ni yaleyale. Kwenye Ethereum, mtandao mkubwa wa mikataba mahiri, mambo ni kinyume. Anayetuma etha ya dola 10 na anayetuma ya dola milioni hufanya kazi ileile, nayo huhesabiwa kuwa gesi 21,000. Kinachobadilika ni bei ya kila gesi moja, na bei hiyo hutegemea ni watu wangapi wengine wanaotaka kuhudumiwa dakika hiyohiyo.

Gesi ni kipimo cha kazi ya kompyuta. Kuhamisha etha ni kazi ndogo. Kubadilisha tokeni moja kwa nyingine kupitia mkataba mahiri huweza kula mara tano hadi kumi ya hiyo. Miamala hukusanywa katika bloku, na bloku mpya hutoka kila sekunde 12. Kila bloku ina kikomo cha gesi. Kikomo hicho kipo kwa sababu kompyuta zote zinazohakiki mtandao, duniani kote, hurudia hesabu za kila muamala. Bloku zikiwa kubwa mno, watakaomudu kuhakiki ni wenye mitambo ya gharama tu, na hapo mtandao unakuwa mali ya wachache. Kwa hiyo watu wakiongezeka, nafasi haiongezeki, na kinachobaki kusogea ni bei.

Namna bei inavyosogea iliwekwa tarehe 5 Agosti 2021, katika mabadiliko yaliyoitwa London. Kila bloku ina lengo, ambalo ni nusu ya kikomo. Bloku ikivuka lengo, ada ya msingi ya bloku inayofuata hupanda, isipofika, hushuka. Iliyojaa kabisa huipandisha kwa asilimia 12.5. Asilimia hiyo yaonekana ndogo, lakini hupanda juu ya iliyokwisha kupanda. Tuseme ada ya msingi ni gwei 20, gwei ikiwa sehemu moja ya bilioni ya etha. Bloku 10 zikijaa mfululizo, yaani dakika mbili tu, ada hufika gwei 65. Zikijaa 20, inapita 210. Etha moja ikiwa dola 3,000, muamala uliogharimu dola 1.26 sasa unagharimu zaidi ya dola 13, na aliyesubiri dakika nne hajui kilichotokea.

Ada hiyo ya msingi haimwendei mtu yeyote, huteketezwa. Juu yake mtumaji huongeza bahashishi kwa anayetengeneza bloku, na wenye haraka hushindana hapo.

Usiku wa kuamkia Mei 1, 2022, kampuni ya Yuga Labs iliuza viwanja 55,000 vya mchezo wake wa Otherside, kwa bei moja iliyopangwa: tokeni 305 za ApeCoin kila kimoja. Bei ilikuwa chini ya ile ambayo wanunuzi walikuwa tayari kutoa, kwa hiyo ushindani ulihamia kwenye gesi. Bei ya gesi ilifika maelfu ya gwei. Wapo waliolipa ada kubwa kuliko bei ya kiwanja chenyewe. Asiyehusika kabisa na mchezo, aliyetaka tu kumtumia ndugu yake etha, alikuta kwa gwei 5,000 muamala mdogo kuliko yote unamtoka karibu dola 300.

Kilichoniumiza zaidi ni walioshindwa. Viwanja vilipokwisha, mkataba ulikataa maombi yaliyochelewa, lakini gesi yao ilikatwa vilevile. Ni uchungu, ila naona kanuni yenyewe ni ya lazima: kompyuta zilishafanya hesabu hadi pale zilipokuta hakuna kiwanja. Kama kushindwa kungekuwa bure, mhuni yeyote angeujaza mtandao maombi yasiyofaulu. Baadaye kampuni iliahidi kuwarudishia hao gesi yao.

Tangu hapo nafasi imeongezwa: kikomo kilichokuwa gesi milioni 30 mwaka 2022 kilifika milioni 60 mwishoni mwa 2025. Pia miamala mingi imehamia mitandao ya juu kama Arbitrum na Base, inayofunga miamala mingi pamoja na kuipeleka Ethereum kwa mkupuo. Huko nako kuna kikomo, na siku ya msongamano ada hupanda.

Kabla ya kubonyeza, angalia ada ya msingi kwenye Etherscan. Ikiwa inapanda bloku hadi bloku na huna haraka, weka kwenye pochi kiwango cha juu utakachokubali, sehemu iliyoandikwa `Max fee`. Muamala utasubiri bila kukatwa chochote hadi bei ishuke. Hasara ya njia hii ni moja: miamala yako mingine kutoka akaunti hiyo nayo itakwama nyuma ya huo, mpaka upite au uutume upya kwa ada kubwa zaidi.