ANOVA Kupita Si Ruhusa ya Kumwaga T

“ANOVA yangu imepita. Sasa naweza kufanya jaribio la t kwa kila jozi?” Swali hili hunifikia kila msimu wa tasnifu, na mara nyingi muulizaji ameshazifanya zote, anatafuta baraka tu.

Tuchukue maziwa ya ngamia yanayokusanywa mjini Isiolo kabla ya kupelekwa Eastleigh. Tuseme mwanafunzi amepima bakteria katika mitungi ya Burat, Oldonyiro, Kinna, Garba Tula, Merti na Sericho. Maeneo sita, jozi 15. Pasipo na tofauti yoyote, kila t ina nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya. Fanya zote 15, na nafasi ya kupata angalau tofauti moja hewa inafika karibu asilimia 37. (Wanaoandika 54 wanasahau kwamba jozi hizo zinahusiana: Kinna ileile imo katika tano.)

“Lakini ANOVA imenikinga!” Hapana. Imani hii inatokana na Ronald Fisher, aliyependekeza mwaka 1935 kwamba t zifuate ANOVA ikishapita. Kwa makundi matatu kinga hiyo inatosha. Kwa sita haitoshi. Chukulia maziwa ya Sericho pekee ndiyo yenye bakteria wengi, kwa sababu ya safari ndefu juani, na maeneo mengine matano hayapishani hata kidogo. ANOVA itapita kwa ajili ya Sericho tu. Imekuambia kwamba si maeneo yote yenye wastani sawa. Haijakuambia nani kamzidi nani. Sericho ikishafungua mlango, zile jozi 10 za maeneo matano yaliyobaki zinajipenyeza bila kukaguliwa, na nafasi ya angalau moja kuzua tofauti isiyokuwepo ni karibu asilimia 29. Ndivyo wafugaji wa Merti wanavyoweza kuandikwa kwenye ripoti kuwa wachafu kuliko wa Kinna, kwa bahati mbaya ya namba.

Yupo pia mjanja anayefanya t moja tu, kati ya wa juu kabisa na wa chini kabisa. Umewajuaje, kama hukuwatazama wote sita? Hiyo ni asilimia 37 ileile.

Basi fanya hivi. Unataka jozi zote? Tumia Tukey, ambayo haihitaji hata ruhusa ya ANOVA:

```
TukeyHSD(aov(log10(bakteria) ~ factor(eneo), data = maziwa))
```

Soma safu ya `p adj`. Ukilinganisha kila eneo na moja la rejea, tumia Dunnett. Jozi chache ulizozichagua kabla ya kuona data, Holm. Mtawanyiko ukitofautiana sana kati ya maeneo, Games-Howell. Na kama vikombe vyako kumi vya Sericho vyote vilichotwa kwenye mtungi mmoja, una sampuli moja ya Sericho, na hakuna hata mmoja kati ya hao atakayekuokoa.