Mvua Haikuuangusha Ukuta Peke Yake

Ukuta wa mtaro wa bomba ukiporomoka, neno la kwanza kusikika saiti ni mvua. Fomeni atalitaja, mkandarasi atalirudia, na kabla jua halijazama litakuwa limeandikwa kwenye daftari la saiti kuwa ndiyo chanzo cha ajali. Mara nyingi mvua ilinyesha kweli. Lakini mwenye mradi anayesubiri ripoti ya mhandisi wake anahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu chanzo kitakachoandikwa ndicho kitakachoamua gharama zimwangukie nani, na kama mita zilizobaki zitachimbwa vilevile.

Tuchukue mfano wa kutunga, ambao hautakuwa mgeni kwa yeyote aliyewahi kulaza mabomba. Mamlaka ya maji ya mji mmoja wa Tanzania inalaza bomba la milimita 300 kando ya barabara ya mtaa. Mtaro una kina cha mita 2.6 na upana wa mita 1, katika udongo wa kichanga wenye mfinyanzi kidogo. Jumatatu alasiri kijiko kinachimba kipande kipya. Usiku mvua inanyesha, na Jumanne kazi inasimama. Jumatano saa mbili asubuhi mafundi wawili wanashuka kuunganisha bomba. Hazipiti dakika nyingi, ukuta wa upande wa barabara unaanguka kwa urefu wa mita 6. Fundi mmoja anawahi kukimbia. Wa pili anafukiwa hadi kiunoni.

Ripoti ya maana inaanza na huyo wa pili: hali yake, hospitali aliyopelekwa, saa aliyotolewa na namna alivyotolewa. Namna ina uzito wake. Mtu aliyefukiwa kiunoni hang'olewi kwa kuvutwa mikono, maana udongo unambana pande zote na unaweza kumvunja viungo. Wala hachimbuliwi kwa kijiko. Wenzake hufukua kwa koleo na mikono, tena baada ya ukuta uliobaki kukingwa, kwani poromoko la pili huwakuta waokoaji humohumo. Mhandisi aandike kama tahadhari hiyo ilichukuliwa au watu walirukia tu. Katika ukurasa huohuo aeleze kama mkandarasi ameitaarifu OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na kama majeruhi, hata akiwa kibarua, ameripotiwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jina lake lisisambazwe kwa kila mtu anayepata nakala.

Kisha vipimo. Bonge lililoanguka lilikuwa na urefu wa mita 6, kimo cha mita 2.6 na unene wa wastani wa mita 0.7, yaani mita za ujazo zinazokaribia 11. Udongo mbichi wa aina hii una uzito wa tani 1.8 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo zilishuka kama tani 20. Hesabu hiyo inamsaidia mwenye mradi asiye mhandisi kuelewa kwa nini kofia ngumu na buti, hata kama wote walizivaa, hazikuwa kinga ya hatari hii.

Sasa chanzo, na hapa ndipo mhandisi makini hutofautiana na mwandishi wa daftari. Kabla kifusi hakijaondolewa alipiga picha na kupima kwa futi. Aliona mambo matatu. Kwanza, udongo uliochimbwa ulikuwa umerundikwa ukingoni kabisa, upande uleule ulioanguka. Kila mita ya mtaro huo hutoa mita za ujazo 2.6 za udongo, yaani karibu tani 5, na mzigo huo wote ulikuwa umekalia bega la ukuta. Pili, kwenye sehemu iliyobaki imesimama palikuwa na ufa unaokwenda sambamba na ukingo, na matope ya mvua yalikuwa yamekwisha kuingia ndani yake. Ufa huo, basi, ulikuwapo kabla mafundi hawajashuka, na yeyote aliyetembea ukingoni asubuhi hiyo angeuona. Tatu, uso wa ukuta ulioanguka haukuwa na udongo wa asili. Ulikuwa na vipande vya matofali na mifuko ya plastiki, ishara kwamba kandokando palipita mtaro wa zamani uliofukiwa bila kushindiliwa vizuri.

Ripoti itenge yaliyoonekana na yanayokisiwa. Rundo la udongo, ufa na kifusi cha zamani vimeonekana na kupimwa. Kwamba maji ya mvua yalipenya kwenye kifusi hicho kilicholegea na kuongeza uzito wake ni hitimisho la mhandisi, nalo ni la busara, lakini aliandike kama hitimisho. Kuta hazikuwa na mabamba wala miti ya kuzishindilia, wala mtaro haukuchimbwa kwa mteremko. Hilo halihitaji kukisiwa.

Fedha zinafuata hapo. Miradi mingi ya maji hutumia mikataba ya FIDIC. Katika toleo la 1999 la mkataba wa ujenzi, mkandarasi anayekutana ardhini na hali ambayo mzoefu asingeweza kuitarajia anaweza kudai muda na gharama, lakini hali ya hewa imetengwa kwenye kifungu hicho. Mvua ya kupita kiasi kwa kawaida humpa siku za nyongeza tu, bila malipo. Ndiyo maana mkandarasi aliyeanza kwa kusema mvua huenda wiki mbili baadaye akageuka na kusema mtaro wa zamani. Ana siku 28, tangu alipojua au alipopaswa kujua, za kutoa taarifa ya dai lake. Mhandisi asimwahidi chochote, wala asimlaumu mtu kisheria ndani ya ripoti ya ajali. Aonyeshe tu kwamba hata kama mtaro ule haukutarajiwa, rundo lililokaa ukingoni na ukuta usiokingwa yalikuwa mikononi mwa mkandarasi.

Lipo jambo moja wasimamizi wengi hukwepa kuliandika kwa sababu linamgusa anayewalipa. Je, kwenye orodha ya kazi na bei kukinga kuta kulikuwa na mstari wake? Kukiwa kumefichwa ndani ya bei ya kuchimba, mkandarasi aliyeshinda kwa bei ya chini ana kila sababu ya kutokukinga, na mwenye mradi alilijua hilo siku ya kufungua zabuni. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote katika ripoti, na inafaa kuwamo.

Mwishoni mwenye mradi anapewa uamuzi wa kufanya. Katika mfano wetu zimebaki mita 210 za kina hichohicho, na 140 kati yake zinapakana na mtaro wa zamani. Mhandisi anapendekeza mashimo madogo ya majaribio kila mita 20 ili kujua mtaro huo unapita wapi hasa. Palipo na nafasi, bomba lisogezwe mbali nao. Pasipo na nafasi, mafundi wafanye kazi ndani ya sanduku la chuma la kukinga kuta, udongo ukae angalau mita 1 kutoka ukingoni, ngazi iwe karibu nao, na kisichimbwe kipande kirefu kuliko kinachoweza kulazwa bomba na kufukiwa siku hiyohiyo. Kila asubuhi, na tena baada ya kila mvua, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina akague ukingo na kutia sahihi kabla mtu yeyote hajashuka. Kukodi sanduku kuna gharama, na chini ya pendekezo hilo pameachwa mstari mtupu wa sahihi ya mwenye mradi.