Daftari la Chama na Alama Zake

Wasomaji wetu wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamo katika vyama vya akiba, na wengi hujibu upesi wakiulizwa kama chama chao kina daftari. Jibu hilo halitoshi. Daftari laweza kuwapo, limefunikwa vizuri kwa karatasi ya kaki, na lisiwiane na fedha zilizomo sandukuni. Kwa hiyo kadi ya alama tunayoipendekeza hapa haiulizi kama kitu kipo, bali huuliza kile kinachoweza kuonekana siku ya kikao.

Maswali matano yatosha. Je, fedha zilizohesabiwa leo zimelingana na salio la daftari? Je, kila deni limeandikwa kiasi chake, siku ya kulipwa na saini ya mkopaji? Je, kitabu cha kila mwanachama kinakubaliana na daftari kuu? Je, funguo tatu za sanduku ziko kwa watu watatu wasio wa nyumba moja? Je, viongozi walichaguliwa kwa wakati uliowekwa na katiba? Swali la deni halitakuwa geni kwetu: aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Nalo sanduku la kufuli tatu limeenea pamoja na vikundi vya akiba vya mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991.

Kila swali hupewa 0, 1 au 2, na maana ya kila alama huandikwa mapema ili isibishaniwe. Kwa swali la fedha, 2 ni kulingana hadi shilingi ya mwisho. 1 ni kutofautiana lakini sababu ikapatikana na kuandikwa siku ile ile. 0 ni tofauti isiyoelezeka, au fedha zisizohesabiwa mbele ya watu.

Wanachama wasinyooshe mikono, kwani mwenyekiti akinyoosha wa kwanza wengine humfuata kwa haya. Kila mmoja aandike alama yake katika kijikaratasi akikunje. Asiyeandika atie nukta. Kisha vijikaratasi vipangwe mkekani mafungu matatu, kila mtu aone.

Tuchukue mfano wa chama cha akina mama 20. Katika swali la fedha, 9 wametoa alama 2, 4 wametoa 1, na 7 wametoa 0. Wastani ni 1.1, na aliyezoea wastani atasema mambo ni ya kadiri. Lakini mkeka unasema jambo jingine: wanawake saba hawajaona fedha zikihesabiwa, pengine kwa sababu huketi nyuma au hufika baada ya hesabu kufungwa. Mjadala na uanzie hapo, kabla ya kumtazama mweka hazina kwa jicho baya.

Sasa wahesabu pamoja. Daftari lilianza na shilingi 18,400. Michango ya watu 20, kila mmoja 200, ni 4,000, faini 150, marejesho ya mikopo 6,500, mkopo uliotolewa 12,000. Salio liwe 17,050. Sandukuni mna 5,000, na katika M-Pesa ya chama 11,350, jumla 16,350. Zimepungua 700.

Wakipitia mstari kwa mstari, wanakuta watatu waliotiwa tiki ya mchango ilhali waliahidi kuleta kesho: hiyo ni 600. Mia iliyobaki ni nauli ya mweka hazina kwenda benki, isiyoandikwa. (Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, matatu si bure.) Hapakuwa na wizi. Alama inakuwa 1, na daftari linaongezwa safu ya ahadi, mbali na safu ya taslimu.

Jumla ya alama isifiche sifuri. Chama chenye 8 kati ya 10, huku swali la fedha likiwa na 0, kina hali mbaya kuliko chenye 6 kisicho na sifuri popote. Tena kadi hii haiwezi kugundua njama za viongozi walioafikiana kuandika uongo. Kwa hilo inafaa mtu wa chama jirani aalikwe ahesabu mara moja kwa mwaka. Wala isigeuzwe cheti cha kuombea mkopo, kwani siku hiyo kila mtu atajipa 2.

Kadi ijazwe kila baada ya miezi mitatu, na vijikaratasi vya duru iliyopita vihifadhiwe ndani ya sanduku, ili wale saba waulizwe tena kama safari hii wameziona fedha.